Kikohozi cha msimu wa salfa: lini tuseme hiki si vumbi tena?

Kila mwaka mikorosho ikianza kuchanua, vijiji vya Newala na Masasi huamka kwa mlio wa mashine za kupulizia salfa. Dawa hiyo huokoa maua yasiliwe na ubwiriunga, na bila hiyo mavuno huwa haba. Lakini anayepuliza hurudi nyumbani macho yakimwasha na koo likimkereketa, na kikohozi huwa jambo la kawaida katika miezi hiyo. Ndiyo maana mtu akikohoa mwezi mzima, jirani hamuulizi chochote. Jibu linajulikana: ni salfa tu, itaisha.

Mara nyingi huisha kweli. Shida ni kwamba kifua kikuu, ambacho wengi wetu tunakiita tibii, nacho huanza kwa kikohozi kama hicho hicho. Salfa haileti kifua kikuu. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaopita hewani kutoka kwa mtu anayeumwa mapafu. Ila salfa hukificha. Inampa mgonjwa sababu ya kungoja, na katika kungoja huko yeye anadhoofika na walio naye nyumbani wanavuta hewa ile ile. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na sehemu ya mzigo huo ni watu wanaokohoa bila kupimwa.

Hesabu ya wiki mbili

Kikohozi cha vumbi hufuata kazi. Siku ya kupuliza kinapanda, macho yanatoa machozi, na ukipumzika siku chache kinapungua. Kikohozi cha kifua kikuu hakijali kama umeshika mashine au umekaa barazani. Kinaendelea, na taratibu huongozana na mambo mengine: homa ndogo inayokuja jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka hata kama kuna baridi, hamu ya kula kupotea, suruali au kanga kuanza kulegea kiunoni. Wengine huumwa kifua au hutoa makohozi yenye damu, lakini si wote. Usingoje damu ndipo uamini.

Hata hivyo, hakuna anayeweza kuhukumu kwa kusikiliza tu. Mtu anaweza kuwa na vumbi na kifua kikuu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wahudumu wa afya hutumia hesabu rahisi: kikohozi kikifika wiki mbili, kinapimwa, sababu yoyote tunayoidhania. Anayeishi na VVU hangoji wiki mbili. Akikohoa siku yoyote, aseme kliniki.

Tufuate mfano mmoja

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa Newala. Ni mfano wa kufikirika, lakini kila hatua yake inaweza kumpata yeyote kati yetu. Anaanza kukohoa mwanzoni mwa Julai, wiki aliyopuliza salfa. Wiki ya pili ananunua vidonge vya kikohozi dukani. Wiki ya tatu anaongeza amoksilini, anapata nafuu ya siku mbili, kikohozi kinarudi. Amoksilini haiui bakteria wa kifua kikuu, hivyo nafuu ile haikuwa dalili ya kupona. Mwishoni mwa Agosti amekonda, na kila usiku amelala chumba kimoja na mjukuu wa miaka 4, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya uwandani.

Huyu alipaswa kwenda zahanati katikati ya Julai. Lakini amekwenda sasa, na bado hajachelewa kupona.

Zahanati hachomwi sindano wala hatolewi damu kwa ajili ya kipimo hiki. Anapewa kikopo chenye kifuniko cha kuwekea makohozi, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinachotakiwa si mate ya mdomoni, bali makohozi mazito yanayotoka ndani kabisa ya kifua. Anasukutua mdomo kwa maji, anasimama nje penye upepo mbali na watu, anavuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha anakohoa kwa nguvu kutoka ndani na kutema kikoponi. Kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai kinatosha. Makohozi ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo bora, kwa kuwa yamejikusanya usiku kucha. Kisha anafunga kifuniko vizuri na kukiweka kikopo kivulini, si juani.

Zahanati nyingi hazina mashine ya kupimia. Hata hivyo kikopo kinaweza kusafirishwa hadi kituo au hospitali yenye mashine bila mgonjwa mwenyewe kusafiri. Uliza jambo hilo mapema: "Je, sampuli yangu inaweza kupelekwa nami nikasubiri majibu hapa?" Swali hilo linaweza kukuokolea nauli ya kwenda mjini Newala au Masasi. Mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi tangu sampuli iingizwe, na pia huonyesha kama bakteria hao wameshakuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu. Pale penye hadubini tu, mtaalamu huwatafuta bakteria kwa macho, na huenda asiwaone wakiwa wachache.

Ndiyo maana jibu la "hakuna" si mwisho wa safari kama kikohozi kinaendelea. Rudi useme hivyo. Huenda ikahitajika eksirei ya kifua, au sampuli nyingine iliyotolewa vizuri zaidi. Watoto wadogo hawajui kutema makohozi, kwa hiyo wao huchunguzwa kwa njia nyingine.

Miezi sita na msimu wa korosho

Majibu ya mkulima wetu yanaonyesha kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu. Anaanza dawa mwanzoni mwa Septemba. Miezi 2 ya kwanza anameza vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja, na miezi 4 inayofuata vyenye dawa mbili. Idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito wake. Kipimo cha makohozi na dawa zenyewe hutolewa bila malipo.

Siku za mwanzo ataona mkojo umegeuka rangi ya machungwa. Wapo wanaoogopa na kuacha dawa siku hiyo hiyo wakidhani ni damu. Ni rangi ya rifampisini tu, haina madhara. Jambo la kumrudisha zahanati haraka ni macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, au kutoona vizuri. Ganzi au kuchomachoma kwa miguu nako kuna tiba yake, aseme.

Hatari kubwa inakuja mwishoni mwa Oktoba. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, na korosho zimeanza kudondoka. Kazi ni nyingi, foleni za ghalani ni ndefu, na safari ya kufuata vidonge inaonekana ni ya kupoteza siku. Anajiona amepona. Lakini bakteria waliokufa mwanzo ni wale wepesi. Waliobaki ni wachache, wamelala, na wanahitaji miezi mingine 4 ya dawa kuwamaliza. Akiacha sasa, ugonjwa unaweza kurudi, na safari hii ukawa sugu, unaodai dawa nyingine kali zaidi na uangalizi wa karibu. Hesabu yake inaishia mwisho wa Februari, korosho zikiwa zimeshauzwa. Kama lazima ahame kwa kazi, aombe barua ya uhamisho ili aendelee na dawa kituo cha karibu na anakokwenda. Na akiitwa kutoa tena makohozi katikati ya tiba, asione ni usumbufu, kwani ndivyo inavyojulikana kama dawa zinafanya kazi.

Sahani, chumba na maneno ya watu

Wapo wanaojua dalili zote hizi na bado hawaendi. Wanaogopa watakachosemwa. Mmoja ataambiwa ana ukimwi, mwingine amerogwa, mwingine ukoo wao ndivyo ulivyo. Halafu sahani yake inatengwa.

Kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani, kikombe, nguo wala kupeana mkono. Hakirithiwi. Kinapita hewani, hasa ndani ya chumba kilichofungwa ambamo mtu anakohoa kwa muda mrefu. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa kwa sahani hakumkingi mtu yeyote, ila kufungua dirisha kunawakinga wote. Katika wiki za mwanzo za dawa, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa na alale chumba chake kama inawezekana. Akitumia dawa zinazofaa kwa ugonjwa wake, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Anayetuambukiza zaidi ni yule ambaye bado hajapimwa, yule tuliyemtisha kwa maneno yetu akaficha kikohozi chake.

Kuhusu VVU, ni kweli kwamba virusi hivyo hudhoofisha kinga na kukipa kifua kikuu nafasi, ndiyo maana kila mgonjwa hushauriwa kupima. Lakini wagonjwa wengi wa kifua kikuu nchini hawana VVU. Kikohozi cha jirani hakikuambii hali yake.

Mjukuu wa miaka 4 naye asisahaulike. Mtu mmoja nyumbani akigunduliwa, wote wanaoishi naye wachunguzwe. Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hajaugua hupewa dawa za kinga, kwa sababu kwake ugonjwa unaweza kuja haraka na kuwa mkali.

Nchi yetu si ngeni katika kazi hii. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi ambayo Dk. Karel Styblo na wenzake wa Kitanzania waliifanya hapa, ya kumpima mgonjwa makohozi, kumsimamia ameze dawa na kumhesabu hadi apone, ilikuja kuwa mfano kwa nchi nyingine duniani. Ilifanyika kwa zahanati za vijijini kama hizi zetu.

Kama nyumbani kwako kuna anayekohoa, hesabu tangu siku alipoanza. Zikitimia wiki mbili, mwambie bila kumficha na bila kumtisha: "Baba, kikohozi hiki kimezidi cha salfa. Kesho asubuhi usile kwanza, nikusindikize zahanati tukachukue kikopo."