Miradi kumi ya kuwasha taa haikupatii kazi. Tangi moja la maji linatosha

Wasee wa uhandisi wa kompyuta, leo niseme kitu ambacho wengine hawatapenda. Ukitaka kazi ya mifumo pachikwa, yaani kuandikia programu zile kompyuta ndogo zinazokaa ndani ya mita ya tokeni au ndani ya sola ya M-KOPA, ile orodha yako ya miradi kumi na miwili kwenye GitHub haikusaidii sana. Kuwasha taa, kusoma joto, kufungua mlango kwa kadi, gari dogo la kufuata mstari. Zote zimetoka kwa mafunzo yale yale ya mtandaoni, na mtu anayeajiri ameziona kwa kila mwombaji.

Maoni yangu ni haya: fanya mradi mmoja, uufanye hadi mwisho, na uonyeshe mambo matatu. Mchoro wa saketi na hesabu zake. Programu, pamoja na kile inachofanya mambo yakiharibika. Halafu vipimo, na hapa ndipo karibu kila mtu hukimbia. Kazi hii ni tofauti na ya tovuti. Kifaa kikishafungwa kwenye paa la mtu Kitale, huwezi kumwambia afungue ukurasa upya. Anayekuajiri anataka kujua kama uliwaza kuhusu siku hiyo.

Sasa mradi gani? Tusiende mbali. Hapa Riruta, kama ilivyo Kawangware na Kibera, maji huja kwa mgao. Ploti nyingi zina tangi jeusi juu, na keateka hupanda ngazi kuchungulia kama maji yamebaki. Kifaa cha kupima maji ya tangi kinaonekana rahisi, na watu wengi wamekitengeneza. Wachache wamekipima. Tuchukue tangi la lita 1000 ambalo likijaa maji yana kina cha sentimita 120, na sensa imefungwa juu, sentimita 145 kutoka chini. Sensa ni JSN-SR04T, ile ya mawimbi ya sauti yenye kichwa kisichoingia maji. Inatuma sauti, inasubiri mwangwi, na ule muda unakuambia maji yako umbali gani. Zile sentimita 25 za juu hazikuachwa bure: sensa hii haioni vizuri kitu kilicho karibu nayo chini ya sentimita 20 hivi.

Tuanze na mchoro. Sensa ikilishwa volti 5, pini yake ya mwangwi inatoa volti 5. ESP32 inatumia volti 3.3, na pini zake hazifai kupita 3.6. Kwa hivyo unaweka rezista mbili za kugawanya umeme, kilo-omu 1 juu na kilo-omu 2 chini, na 5 inakuwa 3.33. Wanafunzi wengi huishia hapo. Wewe ongeza mistari miwili. Ile chaja ya simu unayotumia inaweza kutoa hadi volti 5.25 na bado ihesabiwe ni nzima. Rezista zenye mstari wa dhahabu zinaweza kukosea kwa asilimia 5. Chukua hali mbaya zaidi, ya juu ikiwa ndogo na ya chini ikiwa kubwa: unapata 3.61. Umepita mpaka. Badilisha uweke rezista za asilimia 1, ambazo mstari wa mwisho ni wa kahawia, na hali mbaya zaidi inakuwa 3.52. Ukiandika hesabu hiyo kando ya mchoro wako wa KiCad, mtu anayejua kazi ataona kwa dakika moja kwamba hukunakili. Umechagua, na unajua ni kwa nini.

Tuje kwa programu. Mistari hii miwili utaikuta kwenye miradi mingi sana ya aina hii:

```
long us = pulseIn(ECHO, HIGH, 30000);
int cm = us * 0.0343 / 2;
```

Inafanya kazi vizuri mezani. Lakini `pulseIn` ikisubiri na mwangwi usije, inarudisha 0. Muda 0 unakuwa umbali 0. Umbali 0 maana yake maji yamegusa sensa. Kwa hivyo panya akikata waya, kifaa kinatangaza kwamba tangi limejaa! Keateka hawashi pampu, kwa sababu simu yake inasema kila kitu ni sawa, na ploti nzima inaamkia mfereji mkavu. Hitilafu imevaa nguo za habari njema, na hiyo ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote.

Dawa yake ni kukubali kwamba kifaa kina majibu ya aina mbili: kiasi cha maji, au "sijui". Hiyo "sijui" isiwe namba inayofanana na kiasi chochote cha maji. Kwenye programu iite `KOSA`, iwe -1, na skrini iandike "Angalia sensa". Halafu itenge ile hesabu ya asilimia iwe kazi yake peke yake, isiyogusa pini yoyote, ili uweze kuijaribu kwenye laptopu bila kifaa:

```
assert(asilimia(0)   == KOSA);
assert(asilimia(25)  == 100);
assert(asilimia(85)  == 50);
assert(asilimia(145) == 0);
assert(asilimia(400) == KOSA);
```

Mistari mitano tu. Wa kwanza unashika waya uliokatika. Wa mwisho unashika jibu ambalo haliwezekani, kwa sababu tangi lenyewe halina kina cha mita 4. Mimi nikiwa ndiye naajiri, mistari hii ningeipenda kuliko video ya dakika tatu yenye muziki.

Sasa vipimo, na hapa naomba tusikimbiane. Ukiambiwa "nilijaribu na ikafanya kazi", hujaambiwa kitu. Anza na futi ya fundi. Elekeza sensa ukutani, pima sentimita 25, 50, 100 na 140 kwa futi, na kila mahali chukua vipimo ishirini. Andika kidogo kabisa, kikubwa kabisa na cha katikati. Utaona kuna kipimo kimoja kimoja kinachoruka mbali na wenzake, na hapo utakuwa na sababu ya kuchukua vipimo vitano kila mara na kutumia cha katikati badala ya wastani. Wastani unavutwa na kipimo kimoja kilichopotea. Cha katikati hakijali.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo ukuta wa chumba chako hautakuonyesha: jua. Ile namba 0.0343 kwenye programu ni mwendo wa sauti hewa ikiwa nyuzi 20, karibu mita 343 kwa sekunde. Hewa ndani ya tangi jeusi ikifika nyuzi 40, sauti inakimbia karibu mita 355. Mwangwi unarudi mapema, na kifaa kinadhani maji yako karibu zaidi. Fanya hesabu na tangi letu. Maji yamebaki sentimita 5, kwa hivyo umbali wa kweli ni 140. Kifaa kitasema kama 135, yaani maji sentimita 10. Kila sentimita ya tangi hili ni lita 8 na kitu. Kwa hivyo ndani mna mitungi miwili ya lita 20, na kifaa kinaahidi minne.

Angalia pia kosa hilo limekaa wapi. Tangi likiwa limejaa, umbali ni mfupi na kosa halifiki sentimita moja. Linakua maji yanapopungua, mchana wa jua kali, wakati ambao mtu anahitaji ukweli zaidi. Ukipima asubuhi pekee hutaliona kamwe. Lione kwa kuchukua vipimo saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, maji yakiwa hayajaguswa. Namba zikipanda bila mtu kuongeza maji, umeshalipata. Dawa ni sensa ya joto kama DS18B20 ikae ndani ya tangi, na programu ihesabu mwendo wa sauti kwa joto la wakati huo: 331.3, jumlisha 0.606 mara nyuzi. Kama huna pesa ya sensa ya pili wiki hii, si neno. Andika wazi kwenye `README` kwamba mchana wa joto kifaa kinaweza kuzidisha kwa lita 40 hivi, na ueleze ni kwa nini. Mpaka unaoujua si aibu. Aibu ni ule unaogunduliwa na mteja.

Maliza kwa kuharibu kwa makusudi. Chomoa waya wa mwangwi. Ile rezista ya chini itaivuta pini hadi sifuri, programu itapata 0, na skrini inafaa kuandika "Angalia sensa". Funika sensa kwa kitambaa. Chomoa stima mara ishirini uone kama kinaamka chenyewe kila mara, maana huku kwetu stima haiagi ikiondoka. Kila jaribio liwe na safu tatu: nilifanya nini, nilitarajia nini, kilitokea nini. Pale majibu mawili ya mwisho hayakulingana, usifute. Hapo ndipo utaulizwa maswali kwenye intavyu, na hapo ndipo utakuwa na la kusema.

Kama tangi si lako, chukua mashine ya kutotolea mayai. Joto lake ni nyuzi 37.5, na swali la kazi si kama inafika hapo, ni nini kinatokea rilei ikikwama imewaka saa nane usiku. Au chukua mzani wa mtungi wa gesi, na uulize uzito unaoonyesha unabadilika kiasi gani mtungi ukikaa juu yake wiki nzima. Swali ni lile lile: kifaa kikikosea, mtu atajuaje?

Kwa hivyo kabla ya kuanza mradi wa kumi na tatu, fungua mmoja wa ule uliokwisha weka, utafute mahali programu yako inaposoma sensa. Sensa ikikaa kimya, programu inasema nini? Niandikie jibu hapo chini, na kama ni "imejaa", unajua kazi ya wikendi hii.