Ufa wa mfongo unatosha kuwa mchezo wa simu

Vijana wanaojifunza wenyewe kutengeneza michezo ya simu mjini Moshi wana vifaa vya kuanzia. Programu ya Godot hupatikana bure, na kompyuta ya kawaida inaitosha kwa mchezo mdogo wa picha bapa. Wanachokosea wengi ni kuchagua hadithi. Huokota ngano yenye vita na majitu, wakaanza kuchora, na baada ya miezi sita wana picha nzuri zisizochezeka.

Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Mchezo hausimuliwi kama ngano inavyosimuliwa jioni. Mchezo ni kanuni inayohesabika, na mchezaji hulazimika kuchagua jambo moja na kuacha jingine. Hivyo basi, ngano inayofaa ni ile ambayo fundisho lake linaweza kugeuzwa kuwa hesabu.

Chukua ngano ya Kibo na Mawenzi, inayojulikana na kila mtoto aliyekulia Marangu, Machame au Rombo. Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akapewa moto pamoja na ndizi kavu. Zilipomnogea, akawa anauzima moto makusudi ili arudi kuomba tena. Mwishowe Kibo alikasirika, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka hadi leo.

Timu isiyo makini itatengeneza ugomvi wa mchi. Lakini utamu wa ngano hiyo uko kabla ya pigo, pale Mawenzi anapojiuliza kama arudi mara moja zaidi. Mchezaji akirudi anapata ndizi moja, na hasira za Kibo zinapanda bila yeye kuona kiasi chake. Akipigwa, anapoteza ndizi zote. Dalili pekee ni mlio wa mchi kwenye kinu, ambao huongeza kasi. Kikomo cha hasira kibadilike kila siku, la sivyo mchezaji atakikariri na mchezo utakuwa umekwisha. Vitufe viwili vinatosha, yaani "rudi" na "baki nyumbani". Hiyo ni kazi ya kwanza inayofaa timu ya watu watatu, kwa kuwa inaweza kumalizika.

Kazi ya pili inaweza kuchukuliwa kwenye methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima wa mlimani haihitaji kufafanuliwa, maana anaijua kutoka kwenye mfongo. Mifongo ndiyo mifereji ya Wachagga inayochepusha maji ya mto huko juu kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, na kuyaleta hadi vihambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na asiyefika siku ya ukarabati hutozwa faini. Kanuni za mchezo tayari zipo. Wazee wamezitumia kwa vizazi.

Tuseme mfongo mmoja unahudumia vihamba 6, na unaleta ndoo 12 za maji kwa siku. Kila kihamba kinahitaji ndoo 2, na wa juu huchukua kwanza. Mchezaji ana kihamba cha juu kabisa na watu 4 wa kufanya kazi. Kila mtu anayekwenda shambani huleta mkungu mmoja wa ndizi wa kupeleka sokoni.

Ufa unatokea. Siku ya kwanza unapoteza ndoo 1 na mtu 1 anatosha kuuziba. Ukiachwa, siku ya pili unapoteza ndoo 2 na unahitaji watu 2. Siku ya tatu ni ndoo 4 na watu 4. Siku ya nne ni ndoo 8 na watu 8.

Mchezaji wa juu hapungukiwi na maji hata tone, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Siku ya kwanza anaona mkungu mmoja wa soko ni bora kuliko ufa usiomhusu. Lakini siku ya tatu vihamba viwili vya chini vimekauka, na kuziba kunamgharimu mikungu minne badala ya mmoja. Siku ya nne zimebaki ndoo 4 tu, zinazotosha kihamba chake na cha jirani mmoja. Anahitaji watu 8 naye ana 4, hivyo anaitisha msaragambo. Kila jirani anaweza kutoa watu 2, ila aliyekosa maji haji. Anakuja jirani mmoja tu, jumla wanakuwa watu 6, na mfongo unabomoka. Hakuna mzee aliyetokea kwenye skrini kumhubiria mchezaji. Hesabu imemfundisha yenyewe.

Hesabu hiyo si lazima iwe sahihi mara ya kwanza. Namna ya kuipima ni kumpa simu mtu asiyeujua mchezo, kisha watengenezaji wakae kimya na kutazama. Kama watu kumi wote wanaziba ufa siku ya kwanza, kishawishi ni kidogo mno. Dawa ni kuufanya ufa usionekane mpaka mtu mmoja atumwe kutembea kando ya mfongo, jambo linalogharimu mkungu. Kama wote wanabomokewa kabla ya wiki ya kwanza ya mchezo kwisha, ufa unakua haraka mno. Kama anayetazamwa anauliza "nifanye nini sasa?", kosa ni la picha na vitufe, si la mchezaji.

Kanda hii imewahi kuona aliyejifundisha mwenyewe akafika mbali. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts, ambayo ilielekeza nguvu kwenye michezo ya simu na hadithi za katuni zenye mashujaa wa Kiafrika. Kuelekea kwenye simu ni somo kwa Moshi, kwani mteja anayo simu mfukoni, kompyuta hana.

Upande wa biashara, ada ya kujisajili Google Play ni Dola 25 za Marekani, hulipwa mara moja tu. Kikwazo kinachowashtua wengi ni kingine: akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza kuwa na wajaribuji 12 waliojiunga na majaribio ya mchezo kwa siku 14 mfululizo. Timu itafute watu hao mapema. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu kazi za sanaa za jadi, hivyo ni busara kuuliza Cosota kabla ya kuuza mchezo uliotokana na ngano.

Wajaribuji hao hawapatikani kwenye vibanda vya simu vya mjini peke yake. Bora zaidi wapande Kibosho au Old Moshi, wampe simu mzee anayepanga zamu za maji. Akicheka siku ya tatu ya ufa, timu imeipata hesabu. Akisema "hapana, huyo wa chini asingekaa kimya, angepanda juu usiku kuja kufungua maji", basi amewapa sura ya pili ya mchezo, na haki ni alipwe kwa hiyo kama anavyolipwa mchoraji.