WASTANI WA FAIDA HAULIWI

Muuza hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji akikwambia kwamba mfuko wake umekuwa ukileta faida ya wastani wa asilimia kadhaa kwa mwaka, huenda hajasema uwongo hata neno moja, na bado wewe ukaondoka umedanganyika. Tarakimu zake zaweza kuwa sahihi zote, kujumlisha na kugawanya kwake kukawa hakuna kosa, na mwenye fedha akaishia kupata pungufu ya alivyotarajia, au hata kula hasara. Ujanja huu hauna budi kufichuliwa, kwa kuwa wanaoumia nao ni wafanyakazi na wakulima wenye akiba ya kuhesabika, wasio na mhasibu wa kuwafafanulia kilichofichwa nyuma ya neno “wastani”.

Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mtu ameweka shilingi 100,000. Mwaka wa kwanza zinapanda kwa asilimia 50, zinakuwa 150,000. Mwaka wa pili zinashuka kwa asilimia 50. Mwenye kutumia wastani atajumlisha 50 na kasoro 50, atagawanya kwa miaka miwili, kisha atatangaza kwamba wastani ni sifuri: hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini nusu ya 150,000 ni 75,000. Robo nzima ya fedha imetoweka, na wastani haukuiona ikiondoka.

Sababu yake ni kwamba asilimia si shilingi. Asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na kitu chenyewe hubadilika kila mwaka. Faida ya mwaka wa kwanza ilihesabiwa juu ya 100,000. Hasara ya mwaka wa pili ilihesabiwa juu ya 150,000. Anayezijumlisha asilimia hizo kana kwamba ni vitu vya namna moja anajumlisha nusu ya embe na nusu ya tikiti maji, kisha anatuambia tumepata tunda moja.

Kipimo cha haki kipo. Wataalamu hukiita kiwango cha ukuaji wa mwaka kwa mlimbikizo, na maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Ni kile kiwango kimoja ambacho, lau fedha zingalikua kwacho kila mwaka bila kuyumba, zingalifika pale pale zilipofika. Hupatikana kwa kugawanya thamani ya mwisho kwa thamani ya mwanzo, kutafuta kipeuo kinacholingana na idadi ya miaka, kisha kutoa 1. Kwa mtu wetu, 75,000 kwa 100,000 ni 0.75, kipeuo cha pili chake ni 0.866, ukitoa 1 inabaki hasara ya asilimia 13.4 kwa mwaka. Huo ndio ukweli ulioandikwa sifuri.

Wapo watakaosema kwamba mfano huu umetungwa, na kwamba katika masoko ya kweli hakuna mayumbo makubwa kiasi hicho. Basi tuitazame Amerika yenyewe, inakohubiriwa kwamba soko la hisa halimtupi mwenye subira. Kielezo cha S&P 500, kinachofuata hisa za makampuni makubwa yapatayo 500 ya huko, kilileta matokeo haya kuanzia mwaka 2000 hadi 2009, magawio yakiwa yamehesabiwa ndani: hasara ya asilimia 9.10, hasara ya 11.89, hasara ya 22.10, kisha faida ya 28.68, ya 10.88, ya 4.91, ya 15.79 na ya 5.49, kisha hasara ya 37.00 mwaka 2008, na faida ya 26.46 mwaka 2009.

Jumlisha zote, ugawanye kwa 10. Utapata faida ya wastani wa asilimia 1.21 kwa mwaka. Ni ndogo, lakini ni faida. Sasa uzifuate fedha zenyewe. Dola 1,000 zilizowekwa mwanzoni mwa mwaka 2000 zilikuwa 624 mwishoni mwa 2002. Zilipanda hadi 1,141 mwishoni mwa 2007, zikaanguka hadi 719 mwaka 2008, na mwishoni mwa 2009 zilikuwa 909. Baada ya kungoja miaka 10, mwenye subira alikuwa amepoteza dola 91, hata kabla ya kulipa gharama yoyote. Kiwango cha mlimbikizo ni hasara ya asilimia 0.95 kwa mwaka. Miaka ni ile ile, tarakimu ni zile zile. Wastani unasema faida, mfuko unasema hasara.

Tazama miaka miwili ya mwisho uone kilichotendeka. Asilimia 37 za mwaka 2008 ziliangukia dola 1,141, zikachukua 422. Asilimia 26.46 za mwaka 2009 ziliangukia dola 719 zilizosalia, zikarudisha 190 tu. Aliyepoteza asilimia 37 hahitaji asilimia 37 ili arudi alipokuwa. Anahitaji karibu asilimia 59. Kwa hiyo kadiri faida zinavyoyumba, ndivyo wastani unavyozidi kuupita ukweli. Mifuko miwili yaweza kuwa na wastani ule ule wa asilimia 10: mmoja umepanda 10 na 10, mwingine umepanda 40 ukashuka 20. Wa kwanza unageuza 100 kuwa 121; wa pili unazifikisha 112. Mwenye mfuko wa pili ndiye atakayelipenda zaidi neno “wastani”.

Haki itendeke: wastani una mahali pake. Anayetaka kukisia mwaka mmoja ujao, au anayeondoa faida na kufidia hasara kila mwaka ili mtaji ubaki vile vile, hakosei kuutumia. Lakini mwenye kuacha fedha zilimbikizwe kwa ajili ya uzeeni au karo ya watoto hayumo katika kundi hilo.

Wala kiwango cha mlimbikizo nacho kisisujudiwe. Chenyewe hutazama ncha mbili tu, mwanzo na mwisho, na mjanja akiachiwa kuzichagua atazichagua vizuri. Katika kielezo hicho hicho, ukianza baada ya anguko la 2002 na kukoma kabla ya anguko la 2008, utapata faida ya asilimia 12.8 kwa mwaka, na hesabu yako itakuwa sahihi kabisa! Ndiyo maana Amerika yenyewe, kwa kanuni za mwaka 1988, iliilazimisha mifuko inayotangaza matokeo yake kuonyesha kiwango cha mlimbikizo kwa vipindi vilivyowekwa vya mwaka 1, miaka 5 na miaka 10. Hata mabepari hawakuwaamini wauzaji wao wajichagulie kipimo.

Na sisi tusiwe wepesi wa kuamini kuliko wao. Ndugu mwananchi, anayekuletea wastani mwulize mambo matatu: kipande kilikuwa na bei gani siku ya kwanza, kina bei gani leo, na kati ya siku hizo imepita miaka mingapi? Kama kuna gawio lililolipwa au gharama iliyokatwa, naye aitaje. Kwa majibu hayo kiwango cha kweli utakikokotoa mwenyewe. Akikataa kuyatoa, akaushikilia wastani wake, fedha zako zirudishe mfukoni.