Wastani Uliopanda Bila Mtu Kujifunza

Katika shule nyingi za sekondari za kata, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, matokeo ya muhula hubandikwa ukutani, na macho ya wengi huishia kwenye namba moja: wastani wa darasa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Kuta zetu hazikuacha. Mimi hufundisha takwimu chuoni, na kila mwaka hupokea vijana wanaojua kuikokotoa namba hiyo lakini hawajui inaficha nini. Napendekeza, basi, vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, katika Kidato cha Tatu, ambavyo malighafi yake ni alama za wanafunzi wenyewe.

Kila mwanafunzi aandike alama yake ya hisabati kwenye kipande cha karatasi bila jina, akitumbukize katika kopo. Mwalimu asisome alama kutoka kwenye orodha yake, kwani kijana anayeaibishwa leo huenda kesho asirudi. Karatasi isiyo na jina nayo haimfichi yule aliye peke yake mkiani, maana darasa zima humjua. Hapo ni heri kutumia alama za mtihani wa zamani wa mkondo mwingine, bila kuutaja.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mikondo miwili, wanafunzi wanane wanane ili hesabu ienee ubaoni. Mkondo A una 34, 36, 38, 40, 40, 42, 44 na 46. Mkondo B una 9, 12, 16, 19, 58, 64, 70 na 72. Jumla ya kila mkondo ni 320, na wastani ni 40. Kabla ya kanuni yoyote, wanafunzi wachore mstari wa 0 hadi 100 na kuweka punje ya hindi juu ya kila alama. Punje za A zitasongamana kuizunguka 40. Za B zitajitenga makundi mawili, na pale penye 40 hapatakuwa na mtu.

Sasa waulizwe: umbali huo tuupimeje? Wengi watatoa wastani kutoka kila alama na kujumlisha mikengeuko. Watapata sifuri, katika mikondo yote miwili. Mwalimu asiharakishe kuwaokoa. Waache washangae, hadi mmoja aone kwamba waliopungukiwa na waliozidi hufutana daima. (Jumla isipokuwa sifuri, wastani umekosewa, ndiyo njia rahisi ya kujihakiki.) Hapo ndipo kuzidisha kila mkengeuko kwa wenyewe kunapopata sababu, kwa kuwa hasi hugeuka chanya. Katika A jumla ya vipeo hivyo ni 112. Ukigawa kwa 8, variansi ni 14. Katika B jumla ni 5,586, na variansi ni 698.25. Tunagawa kwa idadi kamili kwa sababu darasa zima liko mbele yetu, si sampuli. Kipeuo cha pili huturudisha kwenye alama za kawaida: mkengeuko sanifu wa A ni takribani 3.7, wa B ni 26.4. Kwa viwango vya kidato cha nne, ambavyo F huishia 29, A haina aliyefeli, B ina wanne.

Lakini ninachotaka kifundishwe hasa kiko katika dakika 20 za mwisho. Wale wanne wa mkondo B wakaribishe kwenye dhahabu. Kumesikika rashi mpya, nao wamekwenda kubeba viroba vya mawe au kusaidia kwenye karasha. Mtihani unaofuata wanaufanya wanne tu, na tuseme wamepata alama zilezile: 58, 64, 70 na 72. Wastani sasa ni 66 na mkengeuko sanifu ni kama 5.5. Ukutani, mkondo umepanda kutoka 40 hadi 66, na pengo kubwa limefungwa. Hakuna aliyeongeza hata alama moja.

Kuwapa walioondoka sifuri si tiba. Wastani utakuwa 33, nayo ni namba ya uongo, kwa sababu sifuri ni alama ya aliyefanya mtihani akakosa yote. Kilicho sahihi ni kuandika namba mbili zaidi kando ya wastani na mkengeuko: waliosajiliwa 8, waliofanya 4. Hizo hazihitaji kanuni, zimo katika rejista ya mahudhurio.

Mwalimu mmoja wa ukanda huu, nilipomweleza mpango huu, hakuuliza lolote kuhusu variansi. Aliuliza, "Daktari, na nikizibandika hizo namba mbili, mkuu wangu atazijibia nini kwenye kikao cha tathmini?" Nilimwambia azibandike kwanza darasani, mahali wanafunzi wanapoweza kuhesabu madawati matupu wenyewe.