Picha Iliyokatwa Ingali Nzima: Siri ya Mgonjwa Ndani ya Slaidi Zetu

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mgonjwa huifuata hekima hiyo kila aingiapo katika chumba cha daktari: huyasema yasiyosemeka na hukubali kupigwa picha asizomwonesha hata nduguye. Kuanzia hapo, siri yake imo mikononi mwetu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuiachia ya mgonjwa mmoja, nikidhani nimeificha.

Ilikuwa baada ya kikao cha asubuhi cha madaktari. Niligawa slaidi zangu katika kundi la simu la wanafunzi. Slaidi moja ilikuwa na eksirei ya kifua ambayo ukingo wake wa juu ulionesha jina la mgonjwa, umri na namba ya jalada. Niliukata ukingo huo kwa zana ya `Crop` katika PowerPoint. Slaidi nyingine ilionesha uvimbe wa shingo, nami nikaweka mstatili mweusi juu ya uso wa mgonjwa. Jioni mwanafunzi mmoja alinipigia. “Shikamoo, Daktari. Samahani, nilitaka kuikuza ile eksirei, nikabofya `Crop`, jina la mgonjwa likatokea.” Niliufungua mstatili wa slaidi ya pili kwa namna nyepesi zaidi: niliusogeza kwa kipanya, na uso wote ukawa wazi.

Programu haikuwa na hitilafu. Ukataji wa aina hii ni maelekezo tu. Programu huihifadhi picha yote kama ilivyoingizwa, kisha huandika kando yake ni sehemu ipi ioneshwe. Hufanya hivyo kwa makusudi, ili mwandishi akibadili nia aweze kuirejesha. Mstatili nao ni kitu cha pekee kilichowekwa juu ya picha, mithili ya karatasi iliyolazwa juu ya barua; haujaigusa picha iliyo chini yake. Hata kuigeuza slaidi kuwa PDF si kinga ya kutegemea, kwa kuwa picha na kifuniko chake vyaweza kubaki humo vikiwa vitu viwili.

Ipo njia ya kuufuta ukingo uliokatwa. Bofya picha, nenda `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`. Teua `Delete cropped areas of pictures`, ondoa alama kwenye `Apply only to this picture`, halafu hifadhi faili. Lakini njia hiyo huponya ukataji peke yake; kilicho chini ya mstatili hubaki salama salimini.

Kwa hiyo napendelea kuifanya slaidi nzima iwe tabaka moja. Nenda `File`, kisha `Save As`, chagua aina ya faili `PNG`, na ukiulizwa uteue `Just This One`. Kompyuta itachora upya kile tu kinachoonekana. Palipokuwa na mstatili patakuwa na weusi mtupu, bila kitu chini yake. Fungua wasilisho jipya kabisa, ingiza picha hiyo, na ugawe faili hilo jipya. Tumia rangi nzito isiyopitisha mwanga, si ukungu wala kalamu ya kung'aza, kwa maana maandishi yaliyofifishwa kidogo huweza kukisiwa.

Kisha hakikisha. Tengeneza nakala ya faili, badili mwisho wa jina lake kutoka `.pptx` kuwa `.zip`, uifungue, na uangalie folda ya `ppt/media`. Humo zimo picha zilizoingizwa katika slaidi. Ukiona jina au uso uliodhani umeuondoa, faili hilo halijawa tayari kutoka.

Tabaka moja lina mipaka yake. Halifuti jina utakaloliandika katika maelezo ya chini ya slaidi mpya wala katika jina la faili. Tena, mstari mweusi juu ya macho pekee hautoshi: Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu imekwisha kulisema hilo, na yeyote amjuaye mtu humtambua kwa kidevu na masikio.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba slaidi ya tabaka moja haihaririki tena. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuitaka. Nakala ya kuhariri ibaki kazini, mahali penye ulinzi. Inayogawiwa iwe haihaririki. Naona idara zetu zisipokee slaidi yenye picha ya mgonjwa kwa ajili ya kugawa mpaka mtu wa pili ameichungulia folda ile. Nawe ndugu mgonjwa, unapoombwa ridhaa ya kupigwa picha, una haki ya kuuliza: jina langu litafichwa, au litafutwa? Mimi siku ile nililificha tu.