Chanjo ya surua: watoto 210 wanaweza kusema nini, na wasiweze kusema nini

Kampeni ya chanjo ya surua inapomalizika, kila zoni ya afya hutaka kujua ni watoto wangapi walifikiwa kweli. Timu hupita nyumba kwa nyumba, huomba kadi, kisha asilimia hutangazwa. Swali linalosahauliwa ni hili: watoto wangapi walipaswa kuangaliwa?

Kwa miaka mingi, uchunguzi wa aina hii ulifuata njia iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani, OMS: makundi 30, watoto 7 katika kila kundi, jumla 210. Namba hiyo haikuokotwa barabarani. Kwanza iliamuliwa kwamba jibu lisipotee zaidi ya pointi 10 juu au chini, mara 95 kati ya 100. Kwa kuwa kiwango cha chanjo hakijulikani bado, huchukuliwa nusu kwa nusu, maana hapo ndipo wanahitajika watoto wengi zaidi. Hesabu ni hii:

```
1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5 ÷ (0.10 × 0.10) = 96
```

Lakini watoto wa avenyu moja hufanana: chanjo ikifika kwa jirani, mara nyingi imefika kwa wote. Kwa hiyo 96 huzidishwa mara mbili, inakuwa 192, na makundi 30 ya watoto 7 yanatosha kuifikia.

Wakaaji wa zoni wawe laki moja au laki tatu, hesabu karibu haibadiliki. Kinachoibadilisha ni usahihi unaotakiwa. Anayetaka pointi 5 badala ya 10 atahitaji watoto mara nne: karibu 770. Hizo ni siku nyingi zaidi na mafuta mengi zaidi ya pikipiki.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme watoto 189 kati ya 210 wamepatikana na chanjo. Ni asilimia 90, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya 84 na 96 hivi. Ili kuzuia surua, inatakiwa karibu asilimia 95. Uchunguzi huo hauwezi kusema kama zoni imefika au bado, na mkubwa anayefunga kampeni kwa sababu yake anabahatisha.

Kosa la pili ni kugawa namba hiyohiyo. Zoni ikiwa na maeneo 15 ya afya, kila eneo linabaki na watoto 14 tu. Jibu lao linaweza kupotea kwa pointi 26 au zaidi, na eneo lenye hatari likaonekana salama.

Basi uamuzi utangulie hesabu. Kama swali ni kufika 95, au kujua eneo lipi limeachwa nyuma, 210 hawatoshi, na hilo lisemwe kabla timu haijatoka. Na kila asilimia inayotangazwa iandikwe pamoja na idadi ya watoto, namna walivyochaguliwa, na pointi inazoweza kupotea.