Kabla Umtumie Skrinishoti, Muulize Yeye ni wa Nani

Nitasema hivi, na mnitukane hapo chini mkitaka: ukiwa admini wa grupu la matanga ama la bili ya hospitali, na unamtumia mgeni orodha ya michango kwa sababu tu ameandika "mimi ni binamu yenu", huo si ukarimu. Umemfungulia mwizi geti na ukamwonyesha chumba cha kulala.

Wasee wa Meru na Embu mnajua vile hizi grupu huanza. Mtu analazwa asubuhi, kufika jioni grupu liko, mweka hazina yuko, linki inazunguka kila mahali. Sina shida na hiyo. Shida yangu ni kile kinafanyika mtu mpya akiingia.

Tuchukue mfano wa kutunga. Familia moja ya Runyenjes imempoteza guka. Mjukuu anafungua grupu, anabandika linki kwa posta ya tanzia na kuirusha Facebook. Sasa isome hiyo posta kama mwizi. Jina kamili la guka liko. Majina ya watoto na wakwe yako: mmoja wa Maua, mmoja wa Nkubu, mmoja yuko Doha. Kanisa liko, tarehe ya mazishi iko, hadi namba ya mweka hazina iko. Kwa dakika mbili mwizi anaijua hiyo familia kuliko majirani wengine.

Anabonyeza linki, anaingia. Saa hiyo hiyo anaona wanachama wote na namba zao za simu. Lakini kuna kitu bado hana: kwa kawaida, meseji zilizoandikwa kabla hajaingia hazioni. Hajui nani ameahidi pesa ngapi wala nani amebakisha. Kwa hivyo anaomba, na anaomba vizuri sana: "Poleni sana familia. Ni mimi binamu yenu wa Doha, nimechelewa kuingia. Nani anaweza kunitumia list ya michango na bajeti nijue tumefika wapi?"

Mtu mwenye roho safi anamtumia. Imeisha hapo.

Usiku anafungua namba nyingine, anaweka picha ya mweka hazina na jina lake, kisha anaandikia watu mmoja mmoja nje ya grupu: "Auntie, ile 3,000 yako imebaki. Laini yangu ya M-Pesa imejaa, tuma kwa hii." Auntie anajua aliahidi 5,000 na akalipa 2,000. Hesabu ni yake kabisa. Na kweli akaunti ya M-Pesa ina kikomo, haipiti 500,000, kwa hivyo hiyo stori ya kujaa inaingia akilini. Anatuma. Kilichomwangusha auntie ni ile skrinishoti, kwa sababu ndiyo ilimpa mwizi ile 3,000 ya kutaja.

Kuna yule mwingine anakuja na cheo. "Niko ofisi ya chifu, nitumieni namba ya kitambulisho ya marehemu na ya mtoto wake mkubwa, niharakishe kibali cha mazishi." Sikizeni. Mtu akifia hospitalini, taarifa ya kifo hujazwa huko huko hospitalini kwa fomu D1. Akifia nyumbani, naibu chifu ndiye hujaza D2. Hizo ni karatasi, na familia huzifuata kwa miguu yao. Hakuna hatua hapo inayohitaji mgeni kwa WhatsApp akusanye vitambulisho vya watu. Anayesema yuko ofisini, mwambie asante, kesho asubuhi mtu wetu atakuja hapo ofisini. Kama ni ofisa wa kweli hiyo haimsumbui hata kidogo.

Sasa, kuhakikisha mtu si kuangalia picha yake. Picha inapakuliwa na yeyote. Lile jina lenye alama ya ~ mbele ni jina mtu amejipa mwenyewe, anaweza kuandika hata Gavana. Kuongea Kimeru ama Kiembu si ushahidi pia, wezi nao walizaliwa kwa mama zao. Jina linalotokea M-Pesa kabla hujathibitisha kutuma linasaidia upande mmoja tu. Likikataa kufanana na la mweka hazina, simamisha. Likifanana na la huyo mgeni, bado hujajua kama ni ndugu yenu.

Kinachofanya kazi ni mdhamini. Mgeni akisema ni wa Doha, admini anauliza grupu: nani ana namba yake ya zamani? Huyo mwenye namba anapiga, na hapa ndipo wengi hukosea, anapiga ile aliyoihifadhi kabla ya msiba, si ile iliyoingia kwa grupu. Anasikia sauti. Anauliza kitu ambacho hakiko kwa posta: mara ya mwisho ulikuja nyumbani lini, na ulilala kwa nani? Akitosheka, anaandika kwa grupu, "huyu ni wetu, nimeongea naye." Na ni kupiga simu, si kutuma meseji, kwa sababu hata akaunti ya binamu wa kweli inaweza kutekwa siku akimpa mtu ile kodi ya tarakimu sita.

Upande wa simu kazi ni ndogo. Kwenye mipangilio ya grupu, washa ile ya admini kuidhinisha kila anayeingia. Kama linki tayari iko Facebook, ingia hapo kwa linki ubonyeze `Reset link`, ile ya zamani inakufa. Lakini walioshaingia bado wako ndani, kwa hivyo pitia majina yao mmoja mmoja.

Najua mtaniambia nini. "Ni utovu wa nidhamu kumhoji mjomba wakati wa msiba." Kwani shosho hukuuliza nini ukisimama kwa mlango wake na hakutambui? Wewe ni wa nani? Na hakukaribishi mpaka umtaje baba, ukishindwa umtaje nyanya. Hajawahi kuitwa mkorofi kwa hilo. Sisi ndio tumefika kwa WhatsApp tukaamua hilo swali ni matusi.

Wengine mtasema kuna ndugu ambaye kweli hakuna mtu ana namba yake. Yuko, simkatai. Lakini huyo anataka kusaidia, sivyo? Mpe namba ya mweka hazina, ambayo hata iko kwa posta, atume mchango wake. Kuchanga hakuhitaji kujua auntie amebakisha ngapi. Anayekataa kuchanga mpaka aone orodha amejieleza mwenyewe.

Na kama pesa zimeshaenda, usikae kulia kwa grupu. Ile meseji ya M-Pesa itume 456 uombe irudishwe, saa hiyo hiyo, kwa sababu akishaitoa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Kama namba ya mwizi ni ya Safaricom, itume 333, ni bure.

Kwa hivyo admini, leo kabla ulale, pitia orodha yako ya wanachama. Kila namba ambayo hakuna mtu anaijua, uliza ni ya nani, mbele ya watu wote. Ndugu wa kweli atangoja dakika kumi apigiwe simu. Yule ataondoka kimya kimya kabla simu ilie, hakuwa amekuja kuomboleza.